Wastani Umefaulu, Darasa Limefeli

Katika vikao vingi vya wazazi wa kidato cha nne, mwalimu wa taaluma husoma namba moja kwa kila somo. Hisabati, wastani 30.5. Mzazi anayejua viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania anapiga hesabu ya haraka: daraja F huishia alama 29, D huanzia 30, na D ni kufaulu somo. Kwa hiyo darasa kwa ujumla limevuka, hata kama ni kwa kuchungulia. Kumbe katika darasa hilohilo, kati ya wanafunzi 40, waliopata F ni 25.

Hakuna aliyedanganya. Jumla ya alama ni sahihi na kugawanya kumefanywa sawasawa. Tatizo ni kwamba wastani umeulizwa swali ambalo hauwezi kulijibu. Mzazi alitaka kujua mwanafunzi wa kawaida wa darasa hili yuko wapi, naye akapewa namba iliyovutwa juu na watoto wachache. Namna ya kuligundua hilo ni kuitazama histogramu ya alama, mchoro ambao mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi ya mirabaraba anaweza kuuchora kwa dakika kumi.

Nimetunga darasa la mfano ili tulifuate hadi mwisho. Sura yake itatambuliwa na yeyote aliyewahi kusahihisha Hisabati ya sekondari. Hizi ndizo alama za wanafunzi 40 katika mtihani wa moko, zikipangwa kutoka ya chini hadi ya juu: 3, 5, 6, 8, 9, 10, 11, 12, 12, 13, 14, 15, 16, 17, 18, 19, 20, 21, 22, 23, 23, 25, 26, 27, 29, 30, 32, 34, 36, 38, 41, 44, 47, 52, 58, 66, 74, 83, 88, 93.

Zikikaa hivi kwenye mstari, jicho halioni kitu. Kwa hiyo tunazigawa katika makundi yenye upana sawa wa alama kumi, yaani 0 hadi 9, 10 hadi 19, na kuendelea, kisha tunahesabu wangapi wameangukia kila kundi. Kila kundi linapewa nguzo, na urefu wa nguzo ni idadi ya wanafunzi. Hapa chini nguzo zimelazwa ubavu ili zienee kwenye ukurasa, na kila nyota ni mwanafunzi mmoja.

```
 0–9   *****
10–19  ***********
20–29  *********
30–39  *****
40–49  ***
50–59  **
60–69  *
70–79  *
80–89  **
90–99  *
```

Ukizisimamisha nguzo hizi, alama ndogo zitakuwa kushoto na kubwa kulia, kama kawaida ya michoro hii. Nguzo hazina nafasi kati yake, na hilo lina sababu: mstari wa chini ni mstari wa namba unaoendelea, alama 19 inapakana na 20. Hapo ndipo histogramu inapotofautiana na mchoro wa nguzo unaolinganisha, tuseme, idadi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, ambao unaweza kuupanga upya utakavyo bila kuharibu maana.

Upana wa makundi ni uamuzi wa mchoraji, na uamuzi huo unaweza kuficha mambo. Ningechukua makundi ya alama 25, ningepata nguzo nne tu, za wanafunzi 21, 12, 4 na 3, na mchoro ungekuwa mteremko mtupu usioonyesha kwamba kilele kiko kwenye 10 hadi 19. Ningechukua makundi ya alama mbili, nguzo nyingi zingekuwa na mwanafunzi mmoja au wawili, zikiruka juu na chini kama meno ya msumeno, na mtu angeanza kutafuta maana katika mashimo ambayo hayana maana yoyote. Kwa wanafunzi 40, makundi ya alama kumi yanatosha. Mwenye shaka achore mara mbili kwa upana tofauti. Sura inayobaki mara zote mbili ndiyo ya kuamini.

Sasa tuisome. Jambo la kwanza ni kilele: kundi kubwa kuliko yote ni la 10 hadi 19, lenye wanafunzi 11. La pili ni namna nguzo zinavyoshuka kutoka kwenye kilele kwenda pande zote mbili. Upande wa kushoto zinakatika ghafla, kwa sababu hakuna alama chini ya sifuri. Upande wa kulia zinapungua taratibu, kisha zinanyooka nyembamba, mmoja, mmoja, wawili, mmoja, hadi 93. Unyoofu huo mwembamba unaitwa mkia, na histogramu yenye umbo hili husemwa kuwa imevutika kulia. Wengi hukosea hapa kwa kutazama upande ambao nguzo ndefu zimerundikana. Jina hufuata mkia. Wanafunzi wamerundikana kushoto, mvutano uko kulia.

Umbo hili lina uhusiano na karatasi yenyewe. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne umekuwa na maswali kumi ya alama sita kila moja katika sehemu A, na maswali manne ya alama kumi kila moja katika sehemu B. Mwanafunzi aliyepata 12 huenda amelipata swali zima la sehemu A na vipande vya maswali matatu mengine: fomula sahihi hapa, hatua ya kwanza pale. Nadharia za maumbo, aljebra, trigonometria na matriki zinategemeana. Asiyeweza kutatua mlinganyo mwepesi hukwama katika maswali sita au saba kwa wakati mmoja, si katika moja. Kwa upande wa pili, aliyeshika misingi hiyo huvuna karibu kila mahali, naye hukaa peke yake kule mbali kulia. Ndiyo maana umbali kati ya watoto wawili wa juu, kama 66 na 74, unaweza kuwa mpana kuliko umbali unaotenganisha watoto sita wa chini. Hata hivyo, histogramu haisemi kwa nini msingi ulikosekana. Inaweza kuwa ni kuhama kutoka kusoma kwa Kiswahili shule ya msingi kwenda Kiingereza sekondari, inaweza kuwa ni uhaba wa walimu, inaweza kuwa ni kidato cha kwanza kilichopita bila vitabu. Mchoro unaonyesha watu wako wapi. Sababu hutafutwa kwenye madaftari yao.

Twende kwenye namba mbili zinazogombana. Wastani tunaufahamu: jumla ya alama zote, ambayo hapa ni 1220, gawanya kwa 40, unapata 30.5. Mediani ni jambo jingine kabisa. Unawapanga wanafunzi kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha unamtafuta aliyesimama katikati. Kwa kuwa ni 40, katikati kuna wawili, wa 20 na wa 21, na unachukua nusu ya jumla ya alama zao. Katika orodha yetu wote wawili wana 23, hivyo mediani ni 23. Nusu ya darasa iko hapo au chini yake, nusu nyingine iko hapo au juu yake.

Tofauti ni alama saba na nusu, na kwa bahati mbaya mstari wa kufaulu umepita katikati ya namba hizo mbili. Wastani umefaulu. Mwanafunzi wa katikati amefeli, tena kwa alama saba.

Sababu iko katika kile ambacho kila namba inakijali. Mediani hujali nafasi ya mtu kwenye mstari tu. Yule wa 93 angepata 100, mediani isingetikisika, kwa kuwa bado angekuwa wa mwisho kwenye mstari. Angepata 67 pia isingetikisika. Wastani unajali umbali. Uchukulie mstari wa alama kama ubao mrefu ulioegeshwa juu ya jiwe, na kila mwanafunzi ameketi mahali pa alama yake, wote wakiwa na uzito mmoja. Wastani ni pale unapopaswa kuliweka jiwe ili ubao utulie bila kuinama. Mtoto aliyeketi mbali kabisa kulia huuinamisha ubao kuliko aliyeketi karibu na jiwe, ingawa uzito wao ni sawa, na kwa hiyo jiwe lazima lisogezwe kumfuata.

Angalia umbali wenyewe. Mwanafunzi wa chini kabisa, mwenye 3, yuko alama 27.5 kushoto kwa wastani, na hawezi kuwapo mtu wa mbali sana kuliko yeye kwa sababu sifuri iko pale. Yule wa 93 yuko alama 62.5 kulia. Ili kumsawazisha yeye mmoja, wanahitajika zaidi ya wawili walio mbali kama yule wa 3. Hivyo wachache wa kulia wanatosha kusawazishwa na umati wa kushoto: katika darasa hili 26 wako chini ya wastani na 14 tu ndio wako juu. Msemo wa "chini ya wastani", ambao kwenye ripoti za watoto hutumika kana kwamba ni aibu ya wachache, hapa unawahusu karibu theluthi mbili ya darasa.

Jaribu kuwaondoa wanne wa juu, wenye 74, 83, 88 na 93, tuseme wamehamia shule nyingine. Jumla inabaki 882 kwa wanafunzi 36, na wastani unaporomoka hadi 24.5. Mediani inashuka kutoka 23 hadi 21.5 tu. Hakuna mtoto hata mmoja kati ya 36 waliobaki ambaye ufahamu wake umebadilika, lakini "wastani wa shule" umepoteza alama sita. Kinyume chake pia ni kweli, na shule zinazowavuta watoto wachache wenye uwezo mkubwa huweza kupandisha wastani bila kumfundisha yeyote jambo jipya.

Hapa ndipo jambo hili linaponigusa zaidi, kwa sababu namba inayotangazwa ndiyo inayoamua mwalimu aelekeze wapi saa zake za jioni. Chukua mipango miwili. Katika mpango wa kwanza, shule inaweka kambi kwa wanafunzi tisa walio kati ya 41 na 88, na kila mmoja anaongeza alama kumi. Jumla inaongezeka kwa 90, wastani unakuwa 32.75. Mediani inabaki 23, na wenye F wanabaki 25. Katika mpango wa pili, saa zilezile zinatumika kwa wale tisa walio kati ya 20 na 29, nao kila mmoja anaongeza kumi. Jumla inaongezeka kwa 90, wastani unakuwa 32.75 uleule. Ila sasa mediani inapanda kutoka 23 hadi 32, na wenye F wanapungua kutoka 25 hadi 16.

Kwenye ubao wa matangazo mipango hii miwili ni kitu kimoja, hadi kwenye desimali. Kwenye histogramu, hata mtu asiyepiga hesabu yoyote ataitofautisha papo hapo: katika wa kwanza rundo la kushoto limebaki vilevile na mkia umesogea, katika wa pili nguzo ya 20 hadi 29 imetoweka na ya 30 hadi 39 imepaa hadi wanafunzi 14. Sisemi walio juu wanyimwe kambi. Nasema shule inayosoma wastani peke yake haitajua imefanya lipi kati ya haya mawili.

Inawezekana mzazi asipate orodha ya alama bali mchoro tu. Bado anaweza kukadiria namba zote mbili. Kwa mediani, aanze kushoto akijumlisha nguzo: 5, kisha 16, kisha 25. Mwanafunzi wa 20 yuko ndani ya nguzo ya tatu, naye ni wa nne kati ya tisa wa humo, kwa hiyo yuko karibu nusu ya njia kutoka 20 kwenda 29, yaani kama 24. Mediani halisi ilikuwa 23, kwa hiyo kadirio si baya. Kwa wastani, achukue alama ya katikati ya kila kundi, 4.5, 14.5, 24.5 na kuendelea, azidishe kwa idadi ya waliomo, ajumlishe na kugawanya kwa 40. Katika mfano wetu inatoka 30.5 kamili, jambo ambalo ni bahati. Kwa kawaida hukosea kwa sehemu ya alama au alama moja hivi.

Kuna mchoro mmoja unaofanana na histogramu ambao hubandikwa shuleni kila mwaka, nao unapotosha: nguzo za madaraja. Kwa darasa letu ungesomeka F 25, D 7, C 3, B 2, A 3. Mtazamaji anaona nguzo ya A ndefu kuliko ya B, anafikiri kuna mwinuko mwishoni, kana kwamba darasa lina kundi la wakali. Ila madaraja hayana upana sawa. B ni alama kumi tu, kutoka 65 hadi 74. A ni alama 26, kutoka 75 hadi 100. F ni alama 30 nzima. Ukitaka nguzo za upana tofauti ziseme ukweli, eneo la nguzo ndilo liwe idadi ya wanafunzi, na urefu uwe idadi ikigawanywa kwa upana. Ukifanya hivyo, B ina wanafunzi 0.2 kwa kila alama, na A ina takriban 0.12. Mwinuko umetoweka, mkia unazidi kuwa mwembamba kama ulivyo kweli. Ubaya mwingine wa nguzo za madaraja ni kwamba F inawameza watu 25 bila kusema kama wana 5 au 28, na kwa mwalimu hiyo ni tofauti ya kazi ya miaka miwili na kazi ya miezi miwili.

Mkia huweza pia kwenda kushoto. Chukua darasa hilohilo katika Kiswahili: wengi wamejazana kati ya 55 na 75, wachache wamebaki nyuma wakitawanyika kuelekea 20. Hapo wastani huvutwa chini na kuwa mdogo kuliko mediani. Lakini kabla ya kusema lolote kuhusu watoto hao wa nyuma, tazama kama kuna nguzo iliyojitenga kwenye sifuri, na nafasi tupu kubwa kati yake na wengine. Mara nyingi si sifuri ya mtihani. Ni mtoto ambaye hakufika, na aliyejaza jedwali akaandika 0 badala ya ABS inayotumika kwenye matokeo ya Baraza kwa asiyefanya mtihani. Wanafunzi 38 waliofanya wakiwa na wastani wa 64, jumla yao ni 2432. Waingize wawili wasiokuwepo kama sifuri na wastani unashuka hadi 60.8. Alama zaidi ya tatu zimepotea kwa sababu ya malaria au ada. Mediani ingetikisika kidogo mno, ndiyo sababu pengo la ghafla kati ya wastani na mediani katika somo ambalo kwa kawaida yanakaribiana ni dalili ya kurudi kukagua jedwali lenyewe.

Kanuni kwamba wastani husogea upande wa mkia ni ya kuaminika kwa mchoro wenye kilele kimoja na mkia ulio wazi, kama huu wetu wa Hisabati. Si sheria isiyovunjika, na inapovunjika zaidi ni pale histogramu inapokuwa na vilele viwili. Tuseme mikondo miwili imechanganywa: wanafunzi 20 wa mkondo uliokosa mwalimu wa Hisabati tangu kidato cha pili, wote kati ya 10 na 25, na 20 wa mkondo mwingine, wote kati ya 55 na 70. Wastani utakuwa karibu na 40, na mediani ni nusu ya jumla ya 25 na 55, yaani 40. Namba mbili zimekubaliana, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepata alama inayokaribia 40. Tena mediani hapo imesimama kwenye shimo: akiingia mwanafunzi mmoja mwenye 60, wa katikati anakuwa yule wa 55, na mediani inaruka alama 15 kwa mara moja. Kwa mchoro wa namna hiyo usichague kati ya namba hizo mbili. Tenganisha mikondo, chora histogramu mbili kwa makundi yaleyale ya alama, moja juu ya nyingine kwenye karatasi moja, na uandike mediani ya kila mkondo kando yake.